Chumvi ya Balangida na Hatua Inayoamua Kasi

Kaskazini mwa mlima Hanang, pale ambapo ukuta wa Bonde la Ufa unashuka kutoka nyanda za juu za Mbulu, limelala Ziwa Balangida, ziwa lisilo na mto wa kulitoa maji, ambalo kiangazi hulikausha na kuacha juu ya matope yake ukoko mweupe ambao wenyeji wameuchota tangu zamani kwa ajili ya vyungu vyao na kwa ajili ya mifugo yao. Chumvi ya kuliwa katika nchi yetu, itoke baharini, itoke Uvinza au itoke katika ziwa kama hili, hutakiwa kutiwa madini joto kabla haijamfikia mlaji, maana mwili usiopata iodini ya kutosha huota rovu shingoni, na mtoto aliyeikosa tumboni mwa mama yake huweza kuzaliwa na upungufu wa akili usiotibika. Madini joto hayo aghalabu hutiwa kwa sura ya potasiamu iodeti, kwa sababu iodeti hustahimili joto na unyevu kuliko iodidi, wala haipotei upesi ndani ya gunia.

Anayetaka kujua kama chumvi fulani ina madini joto hudondosha juu ya kijiko chake tone la dawa iliyochanganywa wanga, iodidi na asidi kidogo, na iodeti ikiwamo, iodini huzaliwa papo hapo, ikashikamana na wanga, na chumvi ikageuka buluu. Walakini hutokea kwamba chumvi iliyotiwa iodeti kwa yakini inabaki nyeupe. Ndipo mpimaji huchukua kichupa cha pili, ambacho kazi yake ni kuongeza asidi tu, akadondosha matone machache, kisha akarudia dawa ya kwanza, na buluu ikatokea mara moja, kana kwamba iodeti ilikuwa imejificha. Jambo hili lafahamika kwa wapimaji wote, na sababu yake hutajwa kwa maneno mepesi kuwa chumvi ilikuwa na magadi. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi, kwa kuwa hayatwambii kwa nini upungufu wa asidi ulioonekana mdogo umeua jaribio zima, wala kwa nini kungoja hakukusaidia kitu. Jawabu la maswali hayo limo katika kanuni ya kasi ya mmenyuko huu, na kanuni hiyo nayo haifahamiki mpaka mtu aelewe ile hatua moja, miongoni mwa hatua kadhaa, inayoamua mwendo wa kazi yote.

Tuanze na mmenyuko wenyewe, ambao mizani yake huandikwa hivi:

```
IO3- + 5I- + 6H+ → 3I2 + 3H2O
```

Mlinganyo huu husema kweli kuhusu hesabu ya mwisho, yaani nini kimetumika na nini kimepatikana, na ndio msingi wa kila kipimo cha madini joto kinachofanywa maabara. Lakini hausemi lolote kuhusu njia iliyopitwa. Msomaji akiusoma kana kwamba ni maelezo ya safari, itambidi aamini kwamba ayoni moja ya iodeti, ayoni tano za iodidi na ayoni sita za hidrojeni, jumla vijisehemu kumi na viwili, hukutana mahali pamoja kwa wakati mmoja, kila kimoja kikiwa kimeelekea upande unaofaa. Kukutana kwa vijisehemu viwili ndani ya maji hutokea mara zisizohesabika kila sekunde. Vitatu kukutana kwa pamoja ni nadra. Kumi na viwili ni muhali. Kwa hiyo lazima mmenyuko uende kwa hatua, kila hatua ikiwa ndogo, na mlinganyo tunaouandika ni jumla ya hatua hizo tu.

Sasa, hatua zikiwa nyingi, kasi ya kazi nzima haiwi wastani wa kasi zao. Mfugaji wa Kibarbaig anayepeleka ng'ombe wake josho anajua kwamba idadi ya ng'ombe watokao kwa saa haitegemei upana wa uwanja wanakokaukia baada ya kuogeshwa, hata uwanja huo ukipanuliwa mara kumi, bali hutegemea kile kipenyo chembamba ambacho ng'ombe hupita mmoja mmoja, na msongamano wa ng'ombe waliofika mbele ya kipenyo hicho. Ndivyo ilivyo katika mmenyuko: vitu vinavyoingia katika hatua iliyo polepole, na vile vilivyoshiriki kabla yake kuandaa kile kitakachoingia humo, huonekana katika kanuni ya kasi, ilhali vile vinavyotumika baada yake, vikiwa vingi kiasi gani, havionekani, kwa sababu humalizwa mara tu vinapopewa kazi. Katika maneno hayo machache imo siri yote ya upimaji wa njia ya mmenyuko, kwamba kasi tunayoipima kwa macho na saa inatuhesabia ni vijisehemu vingapi, na vya aina gani, vilivyokusanyika kufikia kilele cha hatua ile ngumu.

Kanuni ya kasi haipatikani kwa kuutazama mlinganyo. Hupatikana kwa kujaribu. Mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa mmenyuko wetu kwa namna iliyobakiza jina lake juu yake ni Saul Dushman, ambaye mwaka 1904 alichapisha uchunguzi wake juu ya kasi ambayo asidi ya iodeti na asidi ya iodidi huzaa iodini. Mafhumu ya jaribio la namna hii ni sahili, ingawa utendaji wake hudai uangalifu. Mtu hubadilisha ukolezi wa kitu kimoja tu, huku vingine akiviacha vilivyo, au akiviweka kwa wingi mkubwa hata visipungue kwa kiasi cha kuhesabika wakati kazi ikiendelea. Kisha hupima kasi ya mwanzo, kabla mazao hayajawa mengi ya kuvuruga. Ukolezi wa kitu ukiongezwa maradufu na kasi nayo ikawa maradufu, kitu hicho ni cha daraja la kwanza. Kasi ikiwa mara nne, ni cha daraja la pili. Kasi isipobadilika, daraja lake ni sifuri, na kitu hicho, ijapokuwa kinatumika katika mmenyuko, hakina sauti katika kuamua mwendo wake.

Yaliyopatikana kwa njia hii ni kwamba kuongeza iodeti maradufu huongeza kasi maradufu. Kuongeza iodidi maradufu huongeza kasi mara nne. Na kuongeza ayoni za hidrojeni maradufu huongeza kasi mara nne vilevile. Kanuni yake basi ni hii:

```
kasi = k [IO3-] [I-]^2 [H+]^2
```

Msomaji aulinganishe mlinganyo na kanuni. Iodidi tano za mlinganyo zimekuwa mbili katika kanuni, na hidrojeni sita zimekuwa mbili. Iodidi tatu na hidrojeni nne zimetoweka, wala hazikutoweka bure: kutoweka kwao ni ushahidi kwamba zinatumika baada ya kipenyo, katika uwanja mpana. Na zile zilizobaki, iodeti moja, iodidi mbili na hidrojeni mbili, ndizo zilizokusanyika, kwa pamoja au kwa zamu, kufikia kilele cha hatua ngumu.

Hapo sasa mtu anaweza kuweka rai zake mbele ya kanuni na kuzijaribu moja moja. Mwenye kupendekeza njia ya mmenyuko anawajibika kwa mambo mawili: kwanza, hatua zake zote zikijumlishwa zirudishe mlinganyo kamili, bila kitu kuzidi wala kupungua, pili, kasi inayotokana na hatua zake iwe ndiyo ileile iliyopimwa. Rai ikishindwa katika moja ya mambo hayo, ni batili, hata ikiwa nzuri kiasi gani machoni pa mwenyewe.

Rai ya kwanza, kwamba vijisehemu vyote kumi na viwili hukutana kwa mpigo mmoja, ingedai iodidi iwe daraja la tano na hidrojeni daraja la sita. Chini ya rai hiyo, kuongeza iodidi maradufu kungeongeza kasi mara thelathini na mbili, ilhali kilichoonekana ni mara nne. Rai imeanguka, na hatuna haja ya kuijadili zaidi.

Rai ya pili ina akili zaidi. Inasema kwamba iodeti na iodidi moja, zikisaidiwa na hidrojeni mbili, huungana polepole kuwa zao la kati, ambalo tuliandike I2O2, pamoja na maji. Na kwamba zao hilo likishazaliwa, iodidi nyinginezo hulivamia na kulimaliza upesi. Muungano huu wa kwanza ukiwa ndio kipenyo, na ukawa hauna marejeo, kasi itakuwa sawia na iodeti, na iodidi mara moja, na hidrojeni kwa daraja la pili. Rai hii inafaulu kwa iodeti na inafaulu kwa hidrojeni, lakini kwa iodidi inatabiri kwamba kuongeza maradufu kutaongeza kasi maradufu tu. Jaribio linasema mara nne. Kosa la kiasi hiki haliwezi kutupiwa bureti wala saa, kwa sababu tofauti kati ya mbili na nne huonekana hata katika maabara ya shule. Rai ya pili nayo, katika hali alizozichunguza Dushman, imekataliwa, na ni vyema tuangalie imekataliwa kwa jambo gani hasa: kwa iodidi moja iliyokosekana katika kipenyo. Hivi ndivyo kanuni ya kasi inavyomfunza mtafiti, maana haimwambii tu kwamba amekosea, bali humwonyesha pia upande aliokosea.

Rai ya tatu inachukua ile ya pili na kuhamisha kipenyo. Inasema kwamba muungano wa kwanza ni wa haraka, tena wa kwenda na kurudi, hata I2O2 ikawa katika msawazo na vile vilivyoizaa. Na kwamba hatua ya polepole ni ile ya pili, ambapo iodidi nyingine inakutana na I2O2:

```
IO3- + I- + 2H+ ⇌ I2O2 + H2O        haraka
I2O2 + I- → I2 + IO2-                polepole
IO2- + 3I- + 4H+ → 2I2 + 2H2O        haraka
```

Mstari wa mwisho wenyewe ni mkusanyiko wa hatua kadhaa ndogo, lakini kwa kuwa zote zinakuja baada ya kipenyo, kuziandika kwa pamoja hakudhuru hesabu ya kasi. Tujumlishe kwanza. I2O2 inazaliwa katika mstari wa kwanza na inatumika katika wa pili. IO2- inazaliwa katika wa pili na inatumika katika wa tatu. Zote mbili zinafutika. Zinazobaki ni iodeti moja, iodidi tano na hidrojeni sita upande wa kushoto, na iodini tatu na maji matatu upande wa kulia. Sharti la kwanza limetimia.

Tuje kwenye kasi. Hatua ya polepole inatwambia kwamba kasi ni sawia na ukolezi wa I2O2 mara ukolezi wa iodidi. Lakini I2O2 haidumu hata iwekwe katika chupa na kupimwa, na kanuni yenye kitu kisichopimika ndani yake haiwezi kujaribiwa. Hapa ndipo msawazo wa mwanzo unapofanya kazi yake, kwa kuwa unatuwezesha kukiandika kile tusichokiona kwa maneno ya vile tunavyoviona:

```
[I2O2] = K [IO3-] [I-] [H+]^2
kasi   = k2 [I2O2] [I-] = k2 K [IO3-] [I-]^2 [H+]^2
```

Iodidi moja imetoka katika msawazo, na ya pili imetoka katika kipenyo chenyewe. Hidrojeni zote mbili zimetoka katika msawazo, wala hazimo kabisa katika hatua ya polepole. Kanuni inayotokana ni ileile iliyopimwa, na ile k tuliyoipata kwa jaribio inajulikana sasa kuwa si namba ya hatua moja, bali ni zao la namba mbili, K na k2, ambazo jaribio hili peke yake haliwezi kuzitenganisha.

Wengi, wakifika hapa, hufunga daftari na kutangaza kwamba njia imethibitishwa. Hapo ndipo kosa kubwa katika elimu hii linapofanyika, na naliandika kwa msisitizo kwa sababu hukaririwa katika vitabu na katika majibu ya mitihani. Kanuni ya kasi huweza kuihukumu rai kuwa batili, lakini haina uwezo wa kuihukumu kuwa kweli. Inachokithibitisha ni orodha ya vijisehemu vilivyopo kileleni, na hata orodha hiyo haituambii kama molekuli ya maji imekwisha kutoka au bado, maana maji ndimo kazi inamofanyika na wingi wake haubadiliki. Mpangilio wa vijisehemu hivyo, na zamu ya kuingia kwao, hausemi. Mwingine angeweza kupendekeza kwamba hidrojeni mbili hushika kwanza iodeti ikawa H2IO3+, kisha iodidi mbili zikaja moja baada ya nyingine. Akifanya hesabu kwa namna tuliyoifanya, atapata kanuni ileile, herufi kwa herufi. Rai hizo mbili ni tofauti kwa sura na sawa kwa kasi, na saa haiwezi kuchagua kati yao.

Njia ya kutokea katika mkwamo huu ni kutafuta hali ambayo rai zinazofanana huanza kutofautiana, na kwa mmenyuko wetu hali hiyo ni ya iodidi iliyopunguzwa mno. Fikiri: ikiwa I2O2 hungoja iodidi ya pili ndipo kazi isonge, itakuwaje iodidi inapokuwa haba kiasi cha kwamba kungoja kunakuwa kurefu? Rai ya tatu, kama tulivyoiandika, inasema daraja la iodidi litabaki la pili, hata iodidi ipungue vipi. Watafiti walipokwenda huko, kwenye ukolezi wa iodidi wa kadiri ya sehemu ya milioni ya moli kwa lita na chini ya hapo, waliona daraja likishuka kutoka la pili kwenda la kwanza, na kanuni ikawa jumla ya sehemu mbili:

```
kasi = [IO3-] [H+]^2 ( ka [I-] + kb [I-]^2 )
```

Jumla katika kanuni ya kasi ina maana yake, nayo ni kwamba kuna njia mbili zinazokwenda sambamba, kila moja na kipenyo chake. Sehemu yenye iodidi kwa daraja la pili ni njia yetu ya awali. Sehemu yenye daraja la kwanza hufasiriwa kuwa I2O2, isipopata iodidi ya kuilaki, huvunjwa na maji yenyewe polepole. Njia hii ya pili ipo siku zote, lakini iodidi inapokuwa nyingi hufunikwa kabisa na ya kwanza, ndiyo maana Dushman hakuiona. Na ingefaa msomaji aangalie kwamba lau daraja lingeshuka katika ukolezi mkubwa wa iodidi badala ya mdogo, tafsiri ingekuwa nyingine kabisa: ingemaanisha kwamba iodidi imekuwa nyingi hata I2O2 inamezwa mara tu inapozaliwa, msawazo haupati nafasi ya kurudi nyuma, na kipenyo kimehamia kwenye hatua ya kwanza. Kwa hivyo hatua inayoamua kasi si sifa ya kudumu ya mmenyuko, kama rangi au uzito. Ni sifa ya mmenyuko katika hali fulani, na hali ikibadilika, cheo hicho huweza kuhamia kwa hatua nyingine.

Tahadhari moja ya maabara yafaa itajwe hapa, kwa kuwa imewatatiza watu wenye uzoefu. Ili kuiweka hidrojeni isibadilike wakati iodidi inabadilishwa, mtafiti hutumia bafa, na bafa ya asetati ni ya karibu mkononi. Lakini asetati yenyewe huingilia mmenyuko huu na kuuharakisha, na anayeisahau atapata madaraja yasiyo ya mmenyuko wake bali ya mchanganyiko wake. Dalili yake hujulikana kwa kubadilisha kiasi cha bafa huku pH ikiachwa palepale: kasi ikibadilika, bafa si mtazamaji, ni mshiriki, na kanuni iliyoandikwa bila yeye ina upungufu.

Turudi sasa kwenye chumvi, tukiwa na kanuni mkononi. Katika kipimo cha maabara, gramu 10 za chumvi huyeyushwa katika mililita 50 za maji, ikatiwa mililita moja au mbili za asidi ya salfuriki yenye moli moja kwa lita, kisha mililita 5 za mmumunyo wa potasiamu iodidi wa asilimia 10. Chupa hufunikwa na kuwekwa gizani dakika kumi, ndipo iodini iliyozaliwa ikapimwa kwa thiosalfeti, wanga ukitiwa karibu na mwisho. Chumvi yenye miligramu 30 za iodini kwa kilo itahitaji takriban mililita 2.8 za thiosalfeti yenye moli 0.005 kwa lita. Na kadiri inayokubalika kwa chumvi ya nyumbani haipungui miligramu 15 kwa kilo.

Tuchukue k kuwa 2 × 10^8 kwa vizio vya moli, lita na sekunde, ambayo ni kadiri ya haki, ingawa thamani yake hupanda na kushuka mara kadhaa kulingana na wingi wa chumvi nyingine majini. Iodidi katika chupa ile ni karibu moli 0.054 kwa lita, na kwa kuwa ni nyingi kuliko iodeti mara elfu na zaidi, haibadiliki. Kinachobaki ni pH. Kwa pH ya 2, nusu ya iodeti hugeuka katika muda wa sehemu kama ya mia ya sekunde, upesi kuliko kope kupepesa. Kwa pH ya 4, nusu huchukua kama dakika mbili, na dakika kumi za gizani bado zinatosha. Kwa pH ya 5, nusu huchukua saa tatu na zaidi. Kwa pH ya 6, majuma mawili. Kwa pH ya 7, karibu miaka minne. Kila pH inapopanda kwa moja, kasi hupungua mara mia, kwa sababu hidrojeni imo katika kanuni kwa daraja la pili; na daraja hilo, tumekwisha kuona, limetoka katika ule msawazo unaoitangulia hatua ya polepole. Hidrojeni zinapokosekana, I2O2 haijengeki, na iodidi, hata ikiwa tele, inasimama mbele ya kipenyo bila kitu cha kukutana nacho.

Hapo imejibika kwa nini kungoja hakusaidii, na kwa nini upungufu mdogo ni mkubwa. Mililita moja ya asidi ile humalizwa na sodiamu kaboneti ya miligramu 106, ambayo ni asilimia moja tu, na kitu kidogo juu yake, ya zile gramu 10 za chumvi. Chumvi ya bahari, kama ya Bagamoyo au Lindi, haifikii huko. Lakini ukoko wa ziwa lisilotoka maji, katika Bonde la Ufa, huweza kubeba magadi ya kiasi hicho na zaidi, kwa jinsi ulivyochotwa na kusafishwa. Chupa ya namna hiyo hutoa mapovu asidi inapotiwa, na mapovu hayo ni onyo la kwanza kwa mwenye macho.

Hatari iliyo kubwa haimo katika chumvi inayobaki nyeupe kabisa, kwa kuwa hiyo mpimaji huishuku mapema. Hatari imo katikati. Tuseme asidi imeliwa nusu njia, na pH ikasimama kwenye 4.5. Nusu ya iodeti itachukua dakika ishirini kugeuka, na katika dakika kumi za gizani itakuwa imegeuka chini ya theluthi moja. Chumvi iliyo na miligramu 30 itasomeka kuwa na miligramu 9 hivi, na mwenye chumvi ataambiwa kwamba bidhaa yake haifikii kadiri, ilhali inazidi kadiri maradufu. Rangi imetokea, titresheni imekwenda bila taabu, namba imeandikwa, na namba ni ya uongo.

Dalili ya kuijua hali hiyo ipo, nayo inatoka katika kanuni ileile. Mmenyuko uliokwisha hautoi iodini tena. Ambao haujaisha huendelea. Mpimaji akifika mwisho wa titresheni, buluu ikatoweka, kisha ikarudi baada ya dakika chache, akaiondoa kwa tone, ikarudi tena, ajue kwamba iodeti bado inapita katika kipenyo. Ni kweli kwamba hewa na mwanga navyo huweza kuitoa iodini katika iodidi yenye asidi, na buluu ikarudi kwa sababu hiyo. Lakini hali hizo mbili hutengana kwa urahisi, kwa kuwa kazi ya hewa na mwanga huonekana vilevile katika chupa isiyo na chumvi iliyowekwa pembeni kwa kulinganisha, na kazi ya iodeti iliyochelewa haionekani humo. Kisha achukue karatasi ya pH na kuichovya: ikionyesha juu ya 3, aongeze asidi katika kipimo kipya, si katika kile kilichoharibika, na asome upya. Namba ikipanda, kosa lilikuwa la asidi; isipopanda, chumvi kweli ina upungufu.

Mpaka wa hoja hii nao utajwe. Hesabu yetu ya nusu za muda inasadikika kwenye maji yenye asidi na karibu na hali ya kati. Ikivuka kuelekea magadi makali, pH ya 9 na juu yake, mmenyuko hauwi wa polepole tu, bali mwelekeo wake wenyewe hugeuka, na iodini iliyopo hurudi kuwa iodeti na iodidi. Huko hakuna kasi ya kuzungumzia, na hata miaka minne haisaidii kitu. Kasi na mwelekeo ni mambo mawili, na kanuni ya kasi ina mamlaka juu ya lile la kwanza tu.

Kwa hiyo mwenye kupima chumvi ya Balangida na afuate utaratibu huu: kabla ya kutia iodidi, ahakikishe kwa karatasi kwamba pH ya mmumunyo iko chini ya 3, na aandike pH hiyo kando ya namba ya madini joto. Kipimo kisicho na pH, kwa chumvi ya ziwa la magadi, hakitoshi kumhukumia mtu bidhaa yake. Na mwalimu anayefundisha kanuni ya kasi katika sekondari za Katesh au Dongobesh, awape wanafunzi wake chumvi hiyo na karatasi hiyo, awaambie watabiri, kwa rai ya pili na kwa rai ya tatu, buluu itakavyobadilika iodidi ikiongezwa maradufu, ndipo washike saa. Maana rai isiyotabiri jambo linaloweza kuikanusha haijafikia kuitwa njia ya mmenyuko, na ile iliyotabiri ikaokoka, imepata ruhusa ya kuendelea kujaribiwa.